Hoja Iliyokufa kwa Neno Moja

Nilikuwa nimekaa mbele ya bodi ya SACCOS moja ya wafanyakazi, nikisoma rasimu ya barua ya menejimenti. Hii ndiyo barua ambayo mkaguzi wa nje huiandikia taasisi baada ya kumaliza kazi, kueleza kasoro za udhibiti wa ndani alizozikuta njiani. Hoja ya nne niliiandika mwenyewe, na ilisomeka hivi:

"Ilibainika kuwa usuluhishi wa hesabu za benki haufanyiki kwa wakati na baadhi ya makusanyo hayapelekwi benki, hali ambayo inapelekea wizi wa fedha za wanachama, hivyo menejimenti iimarishe udhibiti wa ndani na kuhakikisha usuluhishi unafanyika kwa wakati."

Meneja alinyoosha mkono kabla sijafika kwenye nukta. "Ndugu mkaguzi, nani kaiba?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na tarakimu, sikuwa na mwizi. Karibu saa nzima ya kikao ikaishia kwenye neno hilo moja: meneja akilikana, mimi nikilizungukazunguka. Mwishowe Mwenyekiti, mwalimu mstaafu asiyepandisha sauti, akaniuliza, "Mwanangu, ukiliondoa hilo neno, kinabaki nini?" Nikaitazama sentensi yangu, nikaona hakibaki kitu cha kushika. Hoja ikarudishwa kwangu niiandike upya.

Makala haya yanaeleza nilivyoiandika upya, kwa ajili ya mkaguzi anayeandaa barua kama hiyo na pia kwa mhasibu au mjumbe wa bodi anayeipokea na kujiuliza kwa nini haimwelezi kitu. Nimebadilisha tarehe na tarakimu ili chama kile kisitambulike, lakini umbo la tatizo ni lile lile.

Vitu vitatu kwenye kamba moja

Ndani ya sentensi yangu mlikuwa na vitu vitatu vilivyofungwa pamoja. Kulikuwa na nilichokiona kwenye makaratasi, nilichokihofia, na nilichotaka kifanyike. Kwa maneno ya kazini: ushahidi, hatari na pendekezo.

Sababu ya kuvitenga ni kwamba kila kimoja hubishaniwa kwa njia yake. Ushahidi hubishaniwa kwa karatasi. Meneja akileta slipu ya benki ambayo sikuiona, ninaisoma, ninasahihisha, yamekwisha. Hatari ni suala la uamuzi, na watu wawili wenye akili timamu wanaweza kuipima tofauti hata wakiwa wanatazama karatasi zile zile. Pendekezo nalo hubishaniwa kwa uwezo: tuna watu wangapi, tuna fedha kiasi gani, tutaweza lini.

Ukivifunga kamba moja, asiyependa hoja yako hahitaji kuvijibu vyote. Atachagua kilicho dhaifu, akivute, na vingine vitafuata. Katika barua yangu kilichokuwa dhaifu ni neno "wizi". Ile ilikuwa hatari niliyoivika nguo za ushahidi. Ilipovuliwa nguo, hata ukweli uliokuwa pembeni yake ukaonekana wa kubahatisha.

Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi kinachohusu barua hizi, ISA 265, kinamtaka mkaguzi awaandikie wenye dhamana ya kuisimamia taasisi kuhusu kasoro kubwa za udhibiti, aeleze kasoro yenyewe na athari inayoweza kutokea. Tayari hapo kuna mgawanyo: kasoro ni kitu kimoja, athari ni kingine. Kiwango hicho hakimlazimishi mkaguzi kuipima athari kwa shilingi. Pendekezo limeongezwa na desturi, kwa kuwa hakuna bodi inayopenda kuambiwa nyumba inavuja bila kuambiwa pa kuanzia kuziba.

Anza na kile mtu mwingine anaweza kukiona

Nilipokaa kuiandika upya nilianza na ushahidi, na kipimo changu kilikuwa kimoja: mtu mwingine akifungua faili lile lile, ataona ninachokisema? Kama hataona, sentensi hiyo si ushahidi, ihamie kwingine.

Kipimo hicho kiliyaondoa maneno matatu papo hapo. La kwanza ni "ilibainika". Kiswahili chetu cha ofisini kinaipenda sana kauli hii kwa sababu inamficha mtendaji. Imebainika kwa nani, kwa kutazama nini? Nikaandika "tulikagua", na kitenzi hicho kikanidai mara moja nitaje nilichokikagua. La pili ni "baadhi". Baadhi ni wawili au ni mia mbili? Nikahesabu. La tatu ni "kwa wakati", kwani wakati wa nani? Mwongozo wa fedha wa chama ulisema usuluhishi wa kila mwezi ukamilike ndani ya siku 10 za mwezi unaofuata na usainiwe na meneja. Hicho ndicho kigezo, na hoja isiyotaja kigezo inabaki kuwa maoni ya mkaguzi.

Basi nikarudi kwenye faili. Kwa mwaka wa fedha ulioishia 31 Desemba 2024 nilitakiwa kukuta taarifa 12 za usuluhishi za akaunti ya uendeshaji. Nilizikuta 7. Za Januari hadi Mei ziliandaliwa na mhasibu na kusainiwa na meneja. Za Juni hadi Oktoba hazikuwepo kabisa. Za Novemba na Desemba ziliandaliwa na keshia, na mahali pa sahihi ya mpitiaji palikuwa patupu.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa imeyameza haya yote ndani ya "haufanyiki kwa wakati". Lakini kukosekana miezi mitano ni jambo moja, na keshia kujiandalia usuluhishi ni jambo jingine, zito zaidi. Maneno ya jumla yalikuwa yamelificha lile zito nyuma ya lile jepesi.

Kisha nikaufungua usuluhishi wa Desemba wenyewe. Kwa asiyezoea: usuluhishi ni kulinganisha salio la daftari la fedha la chama na salio la taarifa ya benki, na kueleza kila shilingi inayoyatofautisha. Keshia aliuandaa hivi:

Salio la taarifa ya benki: Sh 41,370,000
Jumlisha fedha zilizo njiani: Sh 8,240,000
Ondoa hundi ambazo hazijawasilishwa benki: Sh 1,300,000
Jumlisha makato ya benki ambayo hayajaingizwa daftarini: Sh 310,000
Salio la daftari la fedha: Sh 48,620,000

Hesabu inafunga sawasawa, na mtu mwenye haraka angeipigia tiki. Lakini kufunga hakuthibitishi kitu. Usuluhishi hufunga siku zote, maana anayeuandaa huendelea kuongeza mistari hadi ufunge. Swali ni kama kila mstari ni wa kweli.

Mstari wa kutazama kwanza ni fedha zilizo njiani, yaani fedha ambazo chama kimeziandika kuwa zimepokelewa na kupelekwa, ila benki haijazionyesha. Mwisho wa mwaka hilo ni la kawaida: makusanyo ya 31 Desemba hayawezi kuingia 1 Januari, ni sikukuu. Safari hiyo lakini ni ya siku moja au mbili. Nilipochukua taarifa ya benki ya Januari 2025, niliona Sh 6,400,000 zimeingia tarehe 2. Zilizobaki, Sh 1,840,000, hazikuingia Januari, wala Februari, wala hadi 14 Machi siku niliyokuwa nikikagua. Nikafuata nyuma kwenye daftari. Yalikuwa marejesho ya mikopo yaliyopokelewa taslimu: Sh 1,120,000 za 9 Agosti na Sh 720,000 za 23 Agosti. Fedha hizo zilikuwa "njiani" kwa zaidi ya miezi sita, kutoka dirishani hadi benki iliyo mtaa wa pili.

Hapa ndipo kalamu inapotaka kuandika "wizi". Jiulize kwanza makaratasi yanasema nini, na yanaishia wapi. Yanasema fedha zilikatiwa stakabadhi, ziliandikwa daftarini, na hazionekani kwenye akaunti ile. Hayasemi ziko wapi. Huenda ziliwekwa kwenye akaunti nyingine ya chama. Huenda stakabadhi moja iliandikwa mara mbili. Huenda zilitumika kulipia kitu bila hati ya malipo. Huenda kweli mtu kazichukua. Ushahidi mzuri hutaja pia mpaka wake, kwa hiyo niliongeza sentensi moja: "Hadi tarehe ya ukaguzi hatukuonyeshwa slipu za benki za kiasi hiki, na hatujathibitisha kilipo." Sentensi hiyo haimtuhumu mtu. Lakini hakuna meneja anayeweza kuikana bila kuleta slipu.

Kitu cha mwisho kwenye fungu la ushahidi ni chanzo. Wakaguzi wengi hukiruka, kisha wanashangaa kwa nini mapendekezo yao hayashiki. Kwa nini Juni? Faili la utumishi lilijibu: mhasibu aliacha kazi 31 Mei 2024, na hadi tunakagua nafasi yake ilikuwa haijatangazwa. Kazi zake alikabidhiwa keshia kwa maneno ya mdomo. Hilo nalo ni jambo la kuonekana kwenye karatasi, si dhana yangu, kwa hiyo mahali pake ni humu.

Hatari: nani atapoteza nini, kwa njia gani

Fungu la hatari ndilo linaloharibika zaidi, kwa sababu ya mkia tulioukariri sote: "hali hii inaweza kupelekea upotevu wa fedha." Tuache ugomvi wa wanalugha juu ya "kupelekea". Tatizo kubwa zaidi ni kwamba mkia huo unaweza kubandikwa kwenye hoja yoyote, tangu mafuta ya gari hadi karatasi za ofisi. Kinachofaa kila mahali hakimsaidii msomaji kuamua popote.

Mimi hujiuliza maswali manne, na majibu yake yakiunganishwa huwa ndiyo aya ya hatari. Nani atapoteza? Atapoteza nini? Kwa njia gani hasa? Na itachukua muda gani kabla mtu hajajua? Swali la tatu ndilo gumu, kwa sababu linakudai uielewe njia ambayo fedha inapita. Katika chama kile, keshia alipokea fedha, alizipeleka benki mwenyewe, na baada ya Mei ndiye aliyeachiwa kulinganisha alichokipeleka na kilichofika. Fedha ikipungua popote katika safari hiyo, yeye ndiye wa kwanza na wa mwisho kuiona. Orodha ya fedha zilizo njiani inakuwa kabati la kuhifadhia upungufu, mwezi baada ya mwezi.

Angalia kwamba aya ya namna hii haisemi keshia ni mwizi. Ingekuwa kweli hata kama keshia angekuwa mtakatifu. Hatari iko kwenye kiti, na kiti hicho kesho anaweza kukikalia mwingine. Unapoandika hivi hata keshia mwenyewe, kama ni mwaminifu, anaona unamlinda: bila mtu wa pili kuhakiki kazi yake hana namna ya kujitetea siku fedha ikipungua kwa kosa lisilo lake.

Kuna mtego mwingine wa tarakimu. Nilivutiwa kuandika kwamba hatari ni Sh 1,840,000. Si hivyo. Kiasi hicho tayari kimeshaonekana, kwa hiyo ni cha fungu la ushahidi. Hatari ni yale ambayo yangeweza kutokea bila kuonekana, na kipimo chake kinachofaa ni fedha zilizopita njia ile bila kulinganishwa. Nikajumlisha stakabadhi za fedha taslimu za Juni hadi Oktoba, nikapata Sh 63,400,000. Hapo nililazimika kuandika kwa uangalifu kuwa kiasi hicho kilipita, hakikupotea. Bila maelezo hayo mjumbe mmoja angetoka kikaoni akitangaza kwamba mkaguzi kasema milioni 63 zimeliwa.

Daraja la hatari, kubwa, ya kati au ndogo, liandikwe pamoja na sababu yake kwa maneno machache. Niliandika "kubwa, kwa sababu fedha taslimu zinahusika, mtu mmoja ana hatua zote, na hakuna uhakiki mwingine uliokuwepo." Meneja akitaka daraja lishuke, sasa anajua cha kuonyesha: uhakiki mwingine ambao sikuuona. Asipokuwa nao, ubishi umekwisha bila kelele.

Pendekezo lisiwe hoja iliyogeuzwa kichwa chini

Soma tena mwisho wa sentensi yangu ya kwanza. Nilisema usuluhishi haufanyiki kwa wakati, kisha nikapendekeza ufanyike kwa wakati. Ni sawa na daktari kumwambia mgonjwa wa homa aache kuwa na homa. Mapendekezo mengi ya barua za menejimenti ni ya namna hii, na ndiyo maana mwaka unaofuata hoja ile ile hurudi ikiwa na jibu lile lile: "Menejimenti imepokea hoja na itazingatia."

Dawa ni kulielekeza pendekezo kwenye chanzo. Usuluhishi ulikoma kwa sababu mhasibu aliondoka na hakuna aliyepangwa rasmi kushika kazi yake. Hivyo pendekezo linapaswa kusema nani asishike hatua zipi kwa pamoja. Pendekezo rahisi lingekuwa "ajiriwe mhasibu". Sikuliandika hivyo peke yake. Kuajiri kunahitaji bajeti iliyopitishwa na Mkutano Mkuu, na kungekipa chama ruhusa ya kuendelea na shimo hadi siku hiyo. Pendekezo zuri linafanya kazi hata kwa watu walio ofisini leo.

Chama kile kilikuwa na watumishi wanne. Vitabu vinasema mpokeaji fedha, mwandishi wa daftari, mpeleka fedha na msuluhishi wawe watu tofauti. Kwa watumishi wanne, mmoja akiwa likizo na mwingine akiwa kituo cha nje, hilo ni ndoto. Ukilipendekeza, menejimenti itacheka na itakuwa na haki. Tafuta hatua moja ambayo ikitengwa inatosha kuivunja njia ya hatari. Hapa hatua hiyo ni usuluhishi: uandaliwe na yeyote asiyepokea wala kupeleka fedha, akitumia taarifa ya benki aliyoipata meneja moja kwa moja kutoka benki, si nakala iliyopitia kwa keshia.

Kila pendekezo nikalipa vitu vitatu: mhusika kwa cheo chake, tarehe, na kitakachoonyesha kuwa limetekelezwa. Hiki cha tatu hurahisisha ukaguzi unaofuata, kwa sababu hakuna tena ubishi kama "tumeimarisha" au hatujaimarisha. Kuna karatasi yenye sahihi mbili, au haipo. Na "kuimarisha" ndilo neno la nne nililolifuta. Ni kitenzi ambacho hakuna anayeweza kukifanya Jumatatu asubuhi.

Tahadhari moja tu hapa. Mkaguzi wa nje anapendekeza, hatawali. Ukianza kumpangia meneja amteue fulani au atumie fomu uliyoibuni wewe, mwakani utakuwa unakagua kazi yako mwenyewe, na uhuru wako umeingia doa. Sema matokeo yanayotakiwa na mpaka usiovukwa, kisha waachie wao njia.

Hoja yenyewe, baada ya kuandikwa upya

Hivi ndivyo hoja ya nne ilivyorudi mezani:

*Hoja ya 4: Usuluhishi wa akaunti ya uendeshaji*

*Ushahidi.* Mwongozo wa fedha unataka usuluhishi wa kila mwezi ukamilike ndani ya siku 10 za mwezi unaofuata na usainiwe na meneja. Tulikagua taarifa za miezi 12 ya mwaka 2024. Za Juni hadi Oktoba hazikuwepo. Za Novemba na Desemba ziliandaliwa na keshia na hazina sahihi ya mpitiaji. Usuluhishi wa 31 Desemba unaonyesha Sh 8,240,000 kuwa fedha zilizo njiani. Kati ya hizo, Sh 6,400,000 ziliingia benki 2 Januari 2025. Sh 1,840,000, zilizopokelewa 9 na 23 Agosti 2024, zilikuwa hazionekani benki hadi 14 Machi 2025. Hatukuonyeshwa slipu zake na hatujathibitisha zilipo. Nafasi ya mhasibu iko wazi tangu 31 Mei 2024, na majukumu yake hayakukabidhiwa kwa maandishi.

*Hatari (kubwa).* Mtu mmoja anapokea fedha, anazipeleka benki na anaandaa usuluhishi. Fedha inaweza isifike benki na upungufu ukabaki ndani ya orodha ya fedha zilizo njiani kwa miezi mingi bila mtu wa pili kuuona. Katika miezi mitano isiyo na usuluhishi chama kilipokea taslimu Sh 63,400,000. Hatusemi kiasi hicho kimepotea, tunasema hakikulinganishwa. Hasara ikitokea itaangukia akiba na gawio la wanachama.

*Mapendekezo.* Kwanza, meneja afuatilie Sh 1,840,000 kwa stakabadhi na slipu, na awasilishe matokeo kwa Kamati ya Usimamizi ifikapo 30 Aprili 2025. Pili, kuanzia usuluhishi wa Aprili 2025, uandaliwe na mtumishi asiyepokea wala kupeleka fedha na usainiwe na meneja ifikapo tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Uthibitisho wake ni sahihi mbili na taarifa ya benki iliyoambatishwa. Tatu, fedha yoyote iliyo njiani zaidi ya siku tatu za kazi iorodheshwe kwa meneja ikiwa na nakala ya slipu.

Ni ndefu kuliko sentensi yangu ya kwanza, mara nne au zaidi. Sioni aibu kwa hilo. Barua yangu ilikuwa na hoja 17, zikabaki 6. Zile 11 nilizoziondoa, nilipojaribu kuzigawa, ama hazikuwa na ushahidi wa kutosha, ama sikuweza kutaja nani angepoteza nini. Chache zilikuwa mambo madogo ya kumalizwa kwa mazungumzo na meneja. Kuzigawa hoja kulikuwa ungo, na pumba zilijitenga zenyewe.

Kabla barua haijatoka

Mgawanyo huu unabadilisha pia namna ya kuomba majibu. Badala ya nafasi moja iliyoandikwa "majibu ya menejimenti", nimezoea kuacha tatu: Je, mnakubaliana na ushahidi? Je, mnakubaliana na daraja la hatari? Mtafanya nini, nani, lini? Kwenye kikao cha kufunga ukaguzi tunamaliza la kwanza kabla ya kugusa la pili. Ukiruhusu watu wajadili hatari wakati bado wanabishana kuhusu ukweli, mtakesha.

Jambo moja ni nyeti. Rasimu za barua hizi kwa kawaida hupelekwa dawati la uhasibu ili watu wajaze majibu, na katika mfano huu dawati hilo ni la keshia yule yule. Panapokuwa na fedha isiyojulikana ilipo, usiache karatasi ifike huko kwanza. Ongea na aliye juu ya mhusika, na kama juu nako kuna shaka, nenda kwa wasimamizi wa chama. Hata mimi nilizungumza na meneja na mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi siku mbili kabla ya rasimu kusambazwa, ili daftari la stakabadhi la Agosti liwe kabatini kwa meneja kwanza.

Pia barua ieleze wazi kwamba ukaguzi ulifanywa ili kutoa maoni juu ya hesabu, na kwamba kasoro zilizotajwa ni zile tu zilizoonekana katika kazi hiyo. Bodi isije ikadhani hoja sita maana yake kila kitu kingine ni salama.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Slipu ya Sh 720,000 ilipatikana: fedha zilipelekwa benki siku ile ile ya 23 Agosti, ila ziliwekwa kwenye akaunti ya hisa badala ya akaunti ya uendeshaji. Za 9 Agosti, Sh 1,120,000, hazikuwa na slipu yoyote. Nikafungua fungu la ushahidi nikarekebisha mistari miwili. Fungu la hatari sikuligusa hata herufi, maana fedha iliyowekwa akaunti isiyo yake na kukaa karibu miezi saba bila mtu kujua ilikuwa inathibitisha nilichokiandika. Mapendekezo nayo yakabaki yalivyo. Ningekuwa bado na ile sentensi ya "wizi", slipu hiyo moja ingetosha kuizika hoja yote, pamoja na ile milioni moja na ushee ambayo haikuwa na maelezo.

Kikao cha pili kilipofika hoja ya nne, meneja hakunyoosha mkono. Aliyenyoosha ni mwalimu wetu mstaafu. Alikuwa ameweka kidole kwenye mstari, akamgeukia meneja: "Hii ya tarehe tisa Agosti, tutaijua lini?"

Meneja akatazama karatasi. "Tarehe thelathini, Mwalimu. Imeandikwa hapa."